Ratiba ya kusoma iliyoombwa bila masomo, tarehe, muda wala mada: uchambuzi wa kisa kimoja

Ujumbe wa binti mmoja anayerudia mtihani wa Kidato cha Nne ulikuwa wa mstari mmoja na nusu: "Shikamoo mwalimu. Naomba unitengenezee ratiba nzuri ya kusoma, mwaka huu nataka nifaulu." Basi. Kisa hiki ni cha mfano, lakini mwalimu yeyote wa tuisheni anaufahamu ujumbe huu, hasa kuanzia Julai, wakati wanaorudia mtihani wa Kidato cha Nne wanaposhtuka kwamba Novemba imekaribia.

Ukiujibu kama ulivyo, utatoa jedwali la siku saba lenye masomo yaliyogawanywa sawasawa, saa mbili mbili, kuanzia alfajiri hadi usiku. Jedwali hilo linapendeza ukutani, na kwa kawaida linakufa kabla ya wiki ya pili kwisha. Chanzo ni kwamba aliyelitunga alibahatisha mambo manne: anafanya masomo gani, karatasi ya kwanza ni lini, kila siku ana muda kiasi gani, na ni mada zipi zinazomwangusha. Asiyejua hayo hugawa sawa kwa sababu hana msingi wa kugawa vingine.

Mwalimu wa kisa hiki hakutunga chochote siku ile. Aliitikia salamu, akauliza yote manne kwa ujumbe mmoja mfupi. Fomu ya maswali ishirini haijazwi, na ukiuliza swali moja leo na jingine kesho, wiki nzima inaisha mnaandikiana tu.

Majibu yalirudi jioni: "Masomo ni ya sayansi. Mtihani ni mwezi wa kumi na moja. Muda ninao, usiku saa tatu. Kemia yote ni ngumu."

Kwa juu juu maswali yote yamejibiwa. Ukiyashika moja moja, hakuna hata moja linaloweza kuingia kwenye jedwali.

Masomo: yale aliyosajiliwa

"Ya sayansi" ni neno la mazungumzo. Mtahiniwa wa kujitegemea huchagua masomo anapojisajili, na ikifika Agosti usajili huwa umeshafungwa. Kwa hiyo orodha inayohesabika ni ile iliyo kwenye usajili wake. Alipoombwa aitazame, ilikuwa na masomo manne: Fizikia, Kemia, Baiolojia na Hisabati. Matokeo yake ya awali yalikuwa D ya Baiolojia na F kwenye mengine matatu.

Hapo likaongezwa swali ambalo waombaji husahau na walimu pia: unayataka ya nini? Akasema anataka kusomea utabibu ngazi ya stashahada. Vyuo hivyo vinataka Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwe miongoni mwa masomo aliyofaulu mwombaji, na kufaulu kunaanzia D, yaani alama 30 kwenda juu. Baiolojia anayo tayari. Hisabati inamsaidia lakini haimfungii mlango. Kumbe kati ya masomo manne, mawili ndiyo yanayoamua safari yake, na hilo lisingejulikana kutoka kwenye maneno "nataka nifaulu".

Tarehe: karatasi kwa karatasi

"Mwezi wa kumi na moja" inatosha kwa kuzungumza na shangazi. Kwa kupanga haitoshi. Mtihani wa Kidato cha Nne huchukua wiki kadhaa, na Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa ratiba inayotaja siku na saa ya kila karatasi. Masomo ya sayansi yana karatasi zaidi ya moja, na kila karatasi ina siku yake. Ni kosa la kawaida mtu kuandika "Kemia" mara moja kwenye kalenda, akaja kugundua karatasi ya pili ikiwa imebaki siku tatu. Mtahiniwa wa kujitegemea aulize pia kituoni kwake karatasi ya pili ya kila somo la sayansi itafanyikaje kwake na inahitaji maandalizi gani.

Binti alipiga picha ratiba ya mtihani, akazungushia mstari karatasi zake tu. Kutoka Jumatatu aliyotuma ujumbe hadi karatasi yake ya kwanza zilikuwa zimebaki wiki 14. Mwalimu akatoa tatu papo hapo: ya kwanza kwa kupima, mbili za mwisho kwa kufanya mitihani mizima ya miaka iliyopita kwa saa ya ukutani. Zikabaki 11 za kujifunza mada.

Mpangilio wa karatasi nao una kazi yake, ingawa ni katika zile wiki mbili za mwisho tu. Somo linalofanywa mwisho ndilo linalorudiwa mwanzoni mwa wiki hizo, na la kwanza ndilo linalokaliwa siku za mwisho. Wengi hurudia masomo kwa mfuatano ule ule wa mtihani, kisha wanaingia chumbani siku ya kwanza na somo walilolishika mara ya mwisho siku kumi zilizopita.

Muda: "saa tatu" ni ipi?

Hapa ndipo kisa kilipotaka kuharibika. "Usiku saa tatu" kwa Kiswahili chetu inaweza kuwa muda wa masaa matatu, au kwamba anaanza saa tatu usiku. Mwalimu angechukua maana ya kwanza, angepanga masaa 21 kwa wiki yasiyokuwepo. Walimu wa lugha watasamehe: kwenye mambo ya ratiba neno "masaa" linaokoa, na dakika zinaokoa zaidi. Andika "kuanzia saa 3:00 usiku, dakika 90" na hakuna atakayekosea.

Alikuwa na maana ya pili. Anauza dukani kwa mama yake mdogo Jumatatu hadi Jumamosi. Analifunga saa 12 jioni, anafika nyumbani, anapika, watu wanakula, vyombo vinaoshwa, na saa 3 usiku ndipo anapokaa. Saa 5 analala. Alipoulizwa kwa mara ya kwanza jumla ni masaa mangapi kwa siku, alisema matano, akihesabu na mchana dukani "wakati wateja hawapo".

Muda wa dukani haukutupwa, ila haukuingizwa kwenye hesabu. Mtu anayekatizwa kila baada ya dakika sita na mteja wa sukari robo hawezi kufuata swali la hesabu lenye hatua tano. Anaweza kupitia kadi zenye alama za elementi, vizio na kanuni. Kwa hiyo akaambiwa akate karatasi ngumu, upande mmoja swali, upande wa pili jibu, zikae karibu na droo ya hela. Kitakachopatikana hapo ni nyongeza.

Kwenye karatasi muda halisi ulionekana hivi: usiku masaa mawili kwa siku tano, Jumapili mchana masaa matatu baada ya ibada, na nusu saa ya alfajiri kwa siku tatu. Jumla masaa 14 na nusu kwa wiki. Mwalimu hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini, kwa sababu mtu anapoulizwa muda wake husema wa siku njema.

Ratiba ya kwanza aliyotumiwa kwa hiyo haikuwa na mada yoyote nzito. Ilikuwa ya wiki moja, na kazi yake ilikuwa kupima. Kila anapokaa aandike saa aliyoanza, kila anapoinuka aandike saa aliyoacha, na kama hakukaa aandike neno moja la sababu. Daftari likarudi hivi: usiku minne, kila mmoja kama dakika 90, kwa kuwa nusu saa ya mwisho alikuwa anasoma mstari ule ule mara tatu, Ijumaa hakuna, duka lilifungwa saa 2 usiku, Jumapili masaa matatu kamili, alfajiri mbili za nusu saa. Jumla masaa 10.

Ratiba ikajengwa juu ya 10. Zikizidishwa kwa wiki 11 ni masaa 110 kwa masomo manne, na hapo inabidi kusema ukweli: masaa 110 hayatoshi kuusoma muhtasari wote wa masomo manne, matatu yakiwa yanaanzia F. Lazima kuna mada zitakazoachwa hadi mwisho, na ni afadhali zichaguliwe Agosti kuliko zijichague zenyewe Novemba.

"Kemia yote ni ngumu"

Swali la mada dhaifu ndilo linalojibiwa vibaya kuliko yote, maana anayeulizwa hujibu kwa hisia. Mada anayoichukia huitaja, ile asiyoijua kabisa haikumbuki, na ile anayodhani anaijua ndiyo humwangusha kwenye mtihani. Kwa hiyo katika ile wiki ya kupima alipewa kazi ya vipindi vitatu: achukue karatasi moja ya mwaka uliopita kwa kila somo, asome swali moja baada ya jingine bila kulifanya, aandike pembeni herufi moja. N kama anaweza kuanza sasa hivi, K kama anakumbuka nusu, S kama hajui pa kuanzia. Kila karatasi dakika 30, si zaidi. Kisha kwa kila somo afanye maswali mawili aliyoyapa N, kwa maandishi, hadi jibu la mwisho.

Sehemu hiyo ya pili isirukwe. Ndiyo inayofichua N za uongo.

Kwenye Kemia herufi zilionyesha kwamba "yote" haikuwa kweli. Maada, uainishaji wa elementi, ugumu wa maji na uchafuzi wa mazingira zilikuwa N na K. S zilirundikana sehemu tatu: dhana ya moli, upimaji wa ujazo wa asidi na besi, na hesabu za elektrolisisi. Ukizitazama kama mada tatu utazigawia muda sawa. Lakini mbili za mwisho zinasimama juu ya ile ya kwanza. Asiyejua kutoka gramu kwenda moli hawezi kufika popote kwenye upimaji wa ujazo. Ni tatizo moja lenye matawi mawili, na mpangilio wake haubadilishiki.

Mwalimu akamtumia swali dogo kuthibitisha: gramu 2.4 za magnesi zinamenyuka zote na asidi ya haidrokloriki, je, unapata ujazo gani wa haidrojeni katika halijoto na kanieneo sanifu? Mlinganyo aliuandika vizuri:

```
Mg + 2HCl → MgCl2 + H2
```

Kisha akazidisha 2.4 kwa 24, akapata 57.6, akaiita moli. Ilitakiwa kugawanya: 2.4 ÷ 24 ni moli 0.1. Kwa kuwa moli moja ya magnesi inatoa moli moja ya haidrojeni, haidrojeni nayo ni moli 0.1, na kila moli ya gesi katika hali hiyo inachukua lita 22.4, kwa hiyo jibu ni lita 2.24. Kosa lake lilikuwa moja tu, lakini lilisema mengi. Kusawazisha mlinganyo anajua. Anachokosa ni maana ya gramu 24 kwa moli, ndiyo maana hashtuki kuona kipande cha gramu mbili na nusu kimekuwa moli hamsini na saba. Ratiba ingesema "Jumatatu: Kemia", angefungua daftari ukurasa wa kwanza na kusoma maada kwa mara ya nne, kwa sababu inasomeka.

Fizikia ilikuwa kinyume chake. Umeme aliupa N, na aliijua kanuni ya Ohm vizuri. Alipofanya swali la vipingamizi vya omu 3 na omu 6 vilivyofungwa sambamba aliandika 1/3 + 1/6 = 1/2, akaishia hapo: "omu 0.5". Hakugeuza. Jibu ni omu 2. Ni kosa la kipindi kimoja cha dakika 90 na mazoezi kumi, ingawa mada yenyewe ni kubwa. S za kweli kwenye Fizikia zilikuwa sumakuumeme na mawimbi. Elektroniki nayo ilikuwa S, ikaandikwa kwenye orodha ya mada za kuachwa hadi mwisho.

Kwa Hisabati mahesabu yalikuwa ya aina nyingine. Karatasi ina maswali 14: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10 kila moja. Ukiwa unatafuta alama 30, maswali matano ya sehemu A yaliyokamilika yanakufikisha mlangoni, na ili ubaki na nafasi ya kukosea inakubidi ushike mada saba au nane. Alichagua zile alizozipa K: seti, takwimu, logarithimu, matriksi, uwiano na nyingine chache za jirani. Uwiano uliwekwa wa kwanza, kwa kuwa ndio ule ule unaomsumbua kwenye moli.

Baiolojia haikuhitaji uchunguzi mrefu. Alikuwa anajua mambo, anaandika machache. Kazi yake ilikuwa jenetiki na kujibu maswali ya maelezo kwa hoja zinazohesabika.

Jedwali lenyewe

Baada ya yote hayo, kuliandika jedwali kulichukua robo saa. Kwa wiki Kemia ilipata masaa 3 na nusu, Fizikia 3, Hisabati 2, Baiolojia 1 na nusu. Jumatatu na Jumatano usiku Kemia, dakika 90 kila usiku. Jumanne na Alhamisi usiku Fizikia, dakika 90 vilevile. Alfajiri ya Jumanne nusu saa ya kurudia makosa ya Kemia ya jana yake, na alfajiri ya Alhamisi nusu saa ya Baiolojia. Jumapili mchana Hisabati masaa mawili, mapumziko, kisha Baiolojia saa zima. Jumamosi hakuna kitu. Ijumaa usiku pakaachwa wazi, pakaandikwa "akiba".

Kila chumba cha jedwali kiliandikwa kazi inayoonekana imekwisha au haijaisha. Jumatatu ya kwanza haikuandikwa "Kemia" wala hata "moli". Iliandikwa: "Gramu kwenda moli na moli kwenda gramu, maswali 12, sahihisha, nakili uliyokosa." Mtu aliyechoka saa 3 usiku akikuta jina la somo tu, dakika ishirini za kwanza zinaishia kwenye kuchagua aanze na nini.

Wiki tatu za moli zilitangulia, upimaji wa ujazo ukafuata, elektrolisisi ikawekwa wiki ya saba. Mwalimu alimwandikia kwa undani wiki mbili tu za mwanzo. Zilizobaki alitaja mada bila maswali, kwa sababu hakuna ajuaye moli itamchukua wiki mbili au nne.

Wiki ya nne kukatokea msiba wa jirani na usiku tatu zikapotea. Ijumaa ya akiba ilimeza moja, ya Kemia. Mbili za Fizikia zilifutwa, hazikusogezwa. Kusogeza ndiko kunakoua ratiba nyingi: kila kilichokosekana kinasukumwa wiki inayofuata, wiki ya sita inakuwa na masaa 17 kwa mtu mwenye 10, na siku hiyo jedwali linabanduliwa ukutani.

Mwisho wa wiki ya sita alipima tena kwa herufi zile zile, karatasi ya mwaka mwingine. Moli ilikuwa N na safari hii ilikuwa ya kweli, maswali mawili kwa mawili. Upimaji wa ujazo ulipanda hadi K, na kilichobaki kumkwaza ni kusahau kwamba moli moja ya asidi ya salfuriki inahitaji moli mbili za sodiamu haidroksaidi. Sumakuumeme ilibaki S kama ilivyokuwa, kwa kuwa zile usiku mbili zilizofutwa zilikuwa zake. Kwa hiyo alfajiri ya Jumanne ikanyang'anywa Kemia ikapewa Fizikia, na Jumatano usiku ikawa ya sumakuumeme kwa wiki mbili, kuanzia na maswali ya transfoma, yenye uwiano wa mizunguko ambao kufikia hapo alikuwa anaujua.